Mililita tano za Ohio si mililita tano za Kisauni

*Mwanangu ana miaka mitatu na kilo 14. Ana wiki tatu Mombasa kwa dadangu mkubwa, Kisauni, nami niko Ohio. Huku akishikwa na homa nampa dawa yake ya maji ya asetaminofeni mililita 5, na jana nilimtumia dada ujumbe wa sauti nikamwambia hivyo hivyo. Sasa ananiambia dawa aliyopata dukani ina jina jingine kabisa. Nimtumie ujumbe gani asikosee?*

Kama chupa ya parasetamoli aliyonunua dadako imeandikwa 120 mg/5 ml, mwambie mililita sita na nusu. Kama imeandikwa vinginevyo, usimtajie kiasi chochote mpaka uione chupa yenyewe kwa picha, kwa sababu dukani zipo zinazofanana nayo ambazo mililita tano zake ni nyingi mno kwa mtoto wa kilo 14.

Jina kubwa la mbele ya chupa ni la kampuni. Dawa yenyewe iko kwenye maandishi madogo. Huko Amerika wanaiita asetaminofeni, huku tunaiita parasetamoli, na ni kitu kimoja. Kinachotofautiana ni ukali, yaani dawa ngapi imetiwa ndani ya maji kiasi gani. Chupa ya watoto ya Amerika ina miligramu 160 katika kila mililita 5. Chupa ya kawaida utakayoikuta katika duka la dawa Mombasa ina miligramu 120 katika mililita 5 hizo hizo. Kwa hiyo ulipokuwa ukimpa mililita 5, ulikuwa ukimpa miligramu 160. Hizo ndizo za kuhamisha, mililita ziache Ohio.

Hesabu yake ni fupi. Miligramu 120 ukizigawa kwa 5 unapata 24 kwa kila mililita moja. Kisha 160 ukizigawa kwa 24 unapata 6.7. Punguza kidogo ufike 6.5, ambazo ni miligramu 156, kwa kuwa nusu inaonekana kwenye sirinji na nukta saba haionekani. Kipimo kinachokubalika ni miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo ya mtoto, na kwa kilo 14 ni kati ya 140 na 210. Kwa hiyo 156 imekaa ndani, na nafasi inabaki.

Usishangae dadako akikwambia karatasi ya ndani ya pakiti inataja kiasi kingine. Ziko zinazosema mililita 7.5 kwa umri wa mwanao, ambazo ni miligramu 180, nazo ziko sawa, kwa hiyo hapo hapana haja ya kubishana naye. Ziko nyingine zinazosema mililita 5 hadi 10 kwa watoto wa mwaka mmoja hadi mitano. Huo ni upana wa kumtosha mtoto wa kilo 9 na wa kilo 18 kwa pamoja. Mwanao akipewa hizo 10 amepata miligramu 240, zaidi ya kiwango chake. Uzito ndio wa kufuatwa. Umri ni makadirio ya kutumia pale ambapo hakuna mizani.

Sasa tuangalie ujumbe ulioutuma jana. Ikiwa dadako ana chupa ya 120 na akampa mililita 5 ulizomwambia, mtoto amepata miligramu 120, ambazo hazifiki hata 9 kwa kilo. Hazimdhuru, lakini joto litashuka kidogo tu au lisishuke, na baada ya saa mbili tatu dadako, akimwona bado anawaka, ataongeza. Hapo ndipo makosa mengi huanza. Kipimo cha kwanza kilikuwa kidogo, cha pili kikaja mapema, cha tatu kikaja na dawa nyingine kabisa iliyopendekezwa na jirani, na ikifika usiku hakuna ajuaye ni ngapi zimeingia.

Ikiwa chupa ni ya miligramu 250 katika mililita 5, ambayo imekusudiwa watoto wakubwa wa miaka sita kwenda juu, mililita 5 ni miligramu 250, karibu 18 kwa kilo. Akipewa mara nne kwa siku inafika 1,000, wakati kwa kilo 14 hatutaki apite 840. Kwa chupa hiyo kipimo chake ni mililita 3 tu.

Ya tatu ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi, nayo ni dawa ya matone ya watoto wachanga. Ni chupa ndogo yenye kitoneshi, mara nyingi ina picha ya mtoto mchanga, na mtu huona imeandikwa ya wachanga akadhani ni nyepesi. Ni kinyume chake. Ile ya miligramu 100 katika kila mililita moja ni kali mara nne kuliko ya maji ya kawaida, ili mchanga apewe tone chache asitapike. Mililita 5 zake ni miligramu 500, karibu 36 kwa kilo kwa mpigo mmoja. Mara nne kwa siku ni 2,000, na siku mbili tatu za namna hiyo ini la mtoto linaweza kuharibika bila dalili ya wazi mwanzoni. Kwa mwanao mililita moja na nusu inatosha. Ushauri wangu ni dadako airudishe dukani achukue ya 120, kwa sababu chupa kali ndani ya nyumba humngoja mtu wa pili aliyezoea kipimo cha ile nyepesi.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni picha, kabla ya ujumbe wowote. Mwombe dadako akupigie picha tatu: ya mbele ya chupa, ya upande wenye maandishi madogo, na ya chombo cha kupimia atakachotumia. Kwenye ile ya pili unatafuta mambo mawili. La kwanza ni neno Paracetamol likiwa peke yake. Likiwa limefuatana na jina la pili, hiyo ni dawa ya mchanganyiko. Zinauzwa sana, za mafua na za homa, nyingine zimetiwa ibuprofeni, nyingine dawa ya chafya inayoleta usingizi. Ubaya wake ni kwamba dadako atampa hiyo ya mafua, kisha ampe na ya homa, asijue kuwa parasetamoli imeingia mara mbili. La pili ni ile namba ya mg na ya ml. Usiridhike na kusomewa kwa simu. "Mia na ishirini kwa tano" na "mia kwa moja" ni rahisi kusikika nusu nusu pale tuktuk inapopita mlangoni. Tazama kwa macho yako, na hapo hapo utaona tarehe ya kuisha.

Chombo nacho kina yake. Kijiko cha chai cha jikoni si kipimo: kimoja huchukua mililita 3, kingine 6 na zaidi, na vyote huitwa kijiko. Kifuniko cha plastiki kinachokuja na chupa ni bora, ila mistari yake mara nyingi ni 2.5, 5 na 10, na sita na nusu haipo hapo. Mwambie anunue sirinji ya mililita 10 isiyo na sindano. Kila duka la dawa linayo, na bei yake ni ndogo. Sirinji nyingine zina mistari ya nusu nusu, nyingine ya 0.2, na kwenye hizi za mwisho sita na nusu huangukia katikati ya mistari miwili. Akichukua 6.4 au 6.6 ni sawa. Akikosa ya 10 akapata ya 5, atavuta 5 kisha 1.5, na umtajie hivyo hivyo kwa mafungu mawili badala ya kumwachia ajumlishe mwenyewe.

Dawa hizi nyingi ni unga uliochanganywa na maji mazito, na chupa ikikaa unga hushuka chini. Isipotikiswa, siku za kwanza mtoto anapata dawa hafifu, na chupa inapokaribia kwisha anapata ile nzito ya chini, ingawa sirinji ilivutwa sawasawa kila mara. Kwa hiyo kutikisa ni sehemu ya kipimo, na itaje kwenye ujumbe.

Tuje kwenye saa, maana hapa Kiswahili chetu kina mtego ambao daktari wa Ohio hawezi kuujua. Ukimwambia dadako "mpe tena baada ya saa sita", umesema mambo mawili: baada ya muda wa saa sita, au baada ya adhuhuri. Kama amempa saa nne asubuhi, kwa maana ya pili atampa tena baada ya saa mbili tu. Ongeza kwamba wewe sasa umezoea saa za huko, ukisema "saa mbili" huenda akilini mwako ni mbili za Kizungu, ambazo kwake ni saa nane. Na Ohio wakati wa kiangazi iko nyuma ya Mombasa kwa saa saba, ikifika baridi ni nane. Njia ya kuepuka yote ni moja: taja saa ya ukutani ya Mombasa, useme na sehemu ya siku. "Umempa saa mbili asubuhi, nyingine isiwe kabla ya saa nane mchana." Hapo hakuna cha kufasiri.

Jihadhari pia na maneno mililita na miligramu katika sauti. Yanaanza sawa, na kwenye spika ya simu yanafanana. Katika ujumbe wa sauti tumia mililita tu, kwa kuwa ndizo zilizoandikwa kwenye sirinji. Hesabu ya miligramu ni yako, ibaki kwako.

Ujumbe wenyewe uwe mfupi, jambo moja baada ya jingine, kwa mpangilio ambao mikono yake itaufuata. Ukishaona picha na ukahakikisha ni 120, sema hivi:

> Dada, shikamoo. Nimeiona chupa, ndiyo yenyewe. Ule ujumbe wangu wa jana wa mililita tano usiufuate, ule ulikuwa wa dawa ya huku. Sasa sikiliza huu. Tikisa chupa, hesabu mpaka kumi. Chukua ile sirinji kubwa, vuta mpaka sita na nusu. Narudia, sita na nusu: ipite sita, isifike saba. Kabla hujampa, nipigie picha sirinji ikiwa na dawa. Kisha mpe, hapo kwako ni saa mbili asubuhi. Mchana akiwa bado ana moto, nyingine usimpe kabla ya saa nane mchana. Mpaka kesho asubuhi zisizidi mara nne zote pamoja. Dawa nyingine ya homa au ya mafua usimchanganyie kabla hujaniuliza. Sasa nirudishie kwa sauti yako: unampa ngapi, na nyingine ni saa ngapi?

Ile sentensi ya kufuta ujumbe wa jana imekaa mapema kwa makusudi. Ujumbe wa sauti haupitiwi kwa jicho kama maandishi. Ukiwa umetuma miwili, dadako akishtuka usiku wa manane mtoto analia, ataupandisha uzi wenu, aguse mshale wa kwanza atakaouona, na huenda ukawa ule wa mililita tano. Kwa hiyo ufute wa zamani upande wake pia ikiwa WhatsApp bado inakuruhusu. Muda ukiwa umepita, mwombe aufute yeye mwenyewe. Kisha chini ya ujumbe mpya andika mstari mmoja wa maandishi ambao ataweza kuutazama bila kusikiliza chochote:

> Chupa ya 120 mg/5 ml. Sirinji 6.5 ml. Pengo lisipungue muda wa saa sita. Mwisho mara 4 kwa siku. Uzito kilo 14.

Uzito na namba ya chupa viandike hata kama dadako anavijua. Wiki ijayo chupa ikiisha, akienda kununua nyingine, mstari huo ndio atakaomwonyesha mwenye duka, na mwenye duka ataweza kuona papo hapo kama chupa anayompa ni ile ile au kipimo kinabidi kibadilike.

Jibu lake lisiwe "sawa" au "nimeelewa". "Sawa" ya heshima hutoka hata pale ambapo mtu hakusikia, na kwa dada mkubwa ni vigumu zaidi kumfanya akiri kwamba hakushika. Usimwulize kama ameelewa. Mwombe akurudishie wewe, useme unataka kuhakikisha kwamba *wewe* hukukosea kusema. Hivyo heshima inabaki pale pale, na kosa kama lipo litasikika. Picha ya sirinji nayo hukamata lile ambalo sauti haikamati: kusoma mstari vibaya, au hewa kubwa iliyobaki juu ya dawa, ambayo hula nusu mililita au zaidi.

Akitapika ndani ya nusu saa baada ya kumeza, anaweza kupewa kipimo kile kile mara moja zaidi. Ikipita nusu saa, ihesabiwe kuwa imeingia, na angoje saa yake. Akilala vizuri saa ya dawa ikafika, asiamshwe. Dawa hii ni ya kumpunguzia maumivu na joto linalomsumbua, haitibu kilicholeta homa.

Na hilo linanipeleka kwenye jambo ambalo hukuliuliza, lakini kwa mwanao ni zito kuliko mililita zote tulizozipima. Amekuwa Mombasa wiki tatu. Pwani ni eneo la malaria, na mtoto aliyekulia Ohio hana kinga hata kidogo ya kuizoea. Malaria huchukua kama wiki moja au zaidi tangu mbu aume hadi homa itokee, kwa hiyo wiki ya tatu ni wakati wake hasa. Homa hii apimwe damu leo hii, hata kama parasetamoli imeishusha na anacheza uani. Zahanati ina kipimo cha haraka cha tone la damu kidoleni, na majibu hutoka kwa muda mfupi. Kikitoka safi na homa ikarudi kesho, kirudiwe. Mwambie pia ataje kwa mhudumu kwamba mtoto ametoka Amerika, maana akimwona ni mtoto wa Kisauni kama wengine huenda asiharakishe. Akishindwa kunywa, akitapika kila kitu, akilegea asiamke vizuri, au akipata degedege, hapo hakuna kungoja ujumbe wako wa sauti wala wa mtu yeyote: ni gari na hospitali moja kwa moja.

Mwisho, muulize dadako swali moja leo, kwa upole na bila kumlaumu: tangu jana amempa chupa gani, sirinji au kijiko gani, mara ngapi, na saa ngapi. Chupa ikiwa ya 120 na ni mililita 5, hesabu inaanza upya kutoka kipimo cha mwisho, na hakuna cha kuhofia. Ikiwa ni ya matone na amepewa mara moja, miligramu 500 kwa kilo 14 ni nyingi lakini ziko mbali na kiasi cha sumu cha mpigo mmoja, ambacho tunakihesabu kuanzia 150 kwa kilo, yaani 2,100 kwake. Asipewe tena mpaka saa sita kamili zipite, na afadhali zikiwa nane. Ikiwa amepewa mara kadhaa na jumla ya saa 24 imepita miligramu 1,050, ambazo ni 75 kwa kilo, apelekwe hospitali leo hata kama anacheka na kula. Ini likiumizwa na parasetamoli halionyeshi chochote siku ya kwanza, ila pengine kichefuchefu, na dawa ya kulilinda hufanya kazi vizuri zaidi ikianza mapema, ndani ya saa nane za mwanzo ikiwezekana. Aende na chupa yenyewe mkononi pamoja na ile sirinji, na uzito wa mtoto ukiwa umeandikwa. Hivyo daktari hatalazimika kukisia alichomeza.